Jipu la ini: lini tunalitoboa, lini dawa peke yake zinatosha

Mgonjwa akiambiwa ana jipu kwenye ini, swali linakuja palepale, "Daktari, sasa mtanipasua?" Mara nyingi hapana, lakini kutobolewa na sindano inaweza kuwa lazima, na inaweza pia kuwa haina haja kabisa, inategemea jipu lenyewe limeletwa na nini. Shida ni kwamba jipu la bakteria na jipu la amiba kwenye skrini ya ultrasaundi yanaweza kufanana kabisa halafu matibabu yakaachana njia.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 56, anauza mahindi pale Malaba, ana kisukari. Homa imemshika wiki 2, usiku anatetemeka mpaka kitanda kinalia, chakula hataki, na ubavu wa kulia unauma mpaka unapanda begani. Amepimwa malaria, haipo, akapewa dawa ya malaria hata hivyo, halafu akafanyiwa Widali akaambiwa ni taifodi (hiyo Widali, kwa maoni yangu, imechelewesha wagonjwa wengi sana hapa Uganda). Kitu ambacho hakuna mtu alimuuliza ni kama tumbo lilimuuma kabla ya hiyo homa. Lilimuuma, chini upande wa kulia, karibu mwezi umepita, akanunua vidonge duka la dawa, yakapoa, akasahau.

Hapo ndipo jipu lilianzia. Damu yote inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo, inapitia kwanza kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa, kwa hiyo kidole tumbo kikivimba na kuoza, bakteria wanapanda na hiyo damu na kukwama kwenye ini. Siku hizi lakini njia inayoonekana zaidi ni ya nyongo, yaani mawe au kitu kingine kinaziba mirija ya nyongo, nyongo inatuama, bakteria wanazaliana na kupanda nayo, na hapo majipu mara nyingi yanakuwa madogo madogo mengi na macho yanaweza kugeuka manjano. Wengine wanaletewa na damu ya mwilini kutoka mbali, kwa mfano kidonda au moyo wenye maambukizi, na wapo ambao tunatafuta chanzo mpaka tunachoka hatukioni. Kisukari kinafungua mlango kwa wote hao.

Sasa picha. Tunaanza na ultrasaundi kwa sababu ipo, ni bei nafuu na haina mionzi. Kwa mzee wetu tuliona shimo la sentimita 8 upande wa kulia wa ini, kingo zake si laini, ndani kuna uchafu unaoelea, na ukimwambia avute pumzi unaona ule uchafu unacheza. Hiyo ni rahisi. Ngumu ni jipu la siku za mwanzo, kabla usaha haujayeyuka, linaonekana gumu kama uvimbe, na kwetu ambako hepataitisi B ni nyingi mtu anakimbilia kuandika kansa ya ini. Mgonjwa ana homa kali na uvimbe ulikuja ghafla? Rudia picha baada ya siku chache kabla hujamvunja moyo mtu na familia yake. Ngumu nyingine ni jipu lililojificha juu kabisa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mbavu na mapafu yanalificha, hapo siti skani yenye dawa ya kung'arisha inaona vizuri zaidi, na ndiyo pia inayoweza kuonyesha kidole tumbo au mawe yaliyoleta shida.

Kabla ya antibayotiki ya kwanza tunachukua damu ya kalcha, yaani ya kuotesha vijidudu maabara. Hii inarukwa kila mara na inaniuma, kwa sababu karibu nusu ya wagonjwa wa jipu la bakteria damu yao inaotesha mdudu, na ukianza dawa kwanza nafasi hiyo inapungua sana.

Tulitoboa? Ndiyo. Majipu ya bakteria madogo chini ya sentimita 3 hivi, au mengi madogo yaliyotawanyika, kwa kawaida tunayatibu kwa dawa tu. Katikati hapo mpaka sentimita 5 unaweza kuvuta usaha na sindano, ukirudia kama linajaa tena. Zaidi ya 5, dawa peke yake kwa kawaida haifiki vizuri katikati ya usaha, na ni bora kuacha mrija. Kwanza tunapima damu inagandaje, tunampa ganzi kwenye ngozi, tunapita na sindano juu ya ukingo wa ubavu (si chini yake, mishipa inakaa chini) huku tunaangalia ncha kwenye skrini muda wote. Ulitoka usaha wa manjano na harufu ambayo chumba kizima kilijua, tukajaza chupa ya maabara, tukaacha mrija.

Mrija unataka uangalizi. Unasafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali kila siku na usaha unaotoka unaandikwa, maana mrija ukiacha kutoa ghafla na homa bado ipo, hajapona huyo, mrija umeziba au jipu lina vyumba vyumba. Ukishuka chini ya mililita 10 kwa siku, homa imeisha na picha inaonyesha shimo limejifunga, tunautoa. Upasuaji unabaki kwa jipu lililopasuka tumboni au lililokataa mrija. Dawa zilikuwa seftriaksoni na metronidazoli kwa drip, baadaye vidonge kulingana na kalcha, jumla wiki 4 mpaka 6, na watu wengi wanaziacha wiki ya 2 kwa sababu wanajisikia wazima.

Sasa jipu la amiba: kijana wa boda wa miaka 28 na shimo la sentimita 7 upande uleule, moja tu, homa na ubavu kuuma, hana kisukari, hana macho ya manjano. Yeye hatukumtoboa. Amiba inapenda wanaume watu wazima wa umri huo, na usishangae akisema hajaharisha, wengi hawaharishi na choo chao hakionyeshi kitu. Kipimo cha damu cha kingamwili kinasaidia ingawa wiki ya kwanza kinaweza kudanganya. Akapewa metronidazoli miligramu 800 mara 3 kwa siku kwa siku 10, na siku ya 3 homa ilikuwa imeshuka, na hivyo ndivyo unavyojua uko njia sahihi. Isiposhuka mpaka siku ya 5, au jipu liko upande wa kushoto ambako linaweza kupasukia kwenye moyo, au ni kubwa karibu kupasuka, hapo tunavuta, na usaha wake unakuwa wa kahawia kama chokoleti, kawaida hauna harufu. Mgonjwa akitoka Karamoja tunaangalia kwanza kama si uvimbe wa minyoo ya mbwa, huo ukichomwa ovyo mwili unaweza kupata mshtuko mbaya.

Shimo litabaki kuonekana kwenye ultrasaundi miezi kadhaa hata kama amepona, kwa hiyo kabla ya kumuongezea mtu dawa uliza kwanza homa na maumivu. Na kijana wa boda hatoki bila dawa ya pili, diloksanaidi miligramu 500 mara 3 kwa siku 10, kwa sababu metronidazoli inanyonywa karibu yote kabla ya kuwafikia amiba waliobaki kwenye utumbo mpana, na hao ndio wanaorudi kwenye ini.