Pale alama moja inapobadilisha mshindi: kuandika ripoti ya tathmini ya zabuni

Ripoti ya tathmini ikifika mezani kwangu, sianzi na jina la mshindi. Naanza na ukurasa wa aliyeshindwa kwa tofauti ndogo kuliko wote, kwa sababu huyo ndiye atakayeleta malalamiko kwa Afisa Masuuli, na asiporidhika ataendelea hadi PPAA, mamlaka inayosikiliza rufaa za zabuni za umma. Ripoti iwe na majibu yake kabla hajauliza.

Tuchukue mfano. Taasisi inatafuta mhandisi mshauri wa kusanifu mradi wa maji. Nyaraka za zabuni zimesema sehemu ya ufundi ina uzito wa asilimia 80 na bei asilimia 20, na asiyefikisha alama 75 za ufundi anaishia hapo. Mzabuni A amepata 88, B 82, C 71. Pendekezo la fedha la C halifunguliwi kabisa. Bei ya A ni shilingi milioni 240 na ya B ni milioni 192.

Mwenye bei ndogo hupewa alama 100 za fedha, kwa hiyo B ana 100. Alama za A hupatikana kwa kuzidisha 100 kwa 192 kisha kugawa kwa 240, yaani 80. Ukiweka uzito, A anapata 70.4 za ufundi na 16 za fedha, jumla 86.4. B anapata 65.6 na 20, jumla 85.6. A anaongoza kwa 0.8, na bei yake imezidi ya mwenzake kwa shilingi milioni 48.

Alama moja ya ufundi ina thamani ya 0.8 katika jumla ya mwisho. Ukimpunguzia A alama moja tu, wanakuwa sawa. Ukimpunguzia mbili, B anashinda. Kwa hiyo kila alama ya ufundi aliyopewa A lazima iwe na mahali pa kusimama.

Sasa tuangalie kipengele cha mtaalamu mkuu, chenye alama 20. Wajumbe wawili wa kamati wamempa mtaalamu wa A alama 18 kila mmoja, wa tatu amempa 12. Wastani ni 16. Kamati nyingi huishia hapo, zikiamini wastani umemaliza tofauti. Lakini alama 88 za A tulizoanza nazo zinahesabu 18 katika kipengele hiki. Kwa wastani wa 16 anabaki na 86 za ufundi, jumla yake inashuka hadi 84.8, na mshindi ni B.

Tofauti ya alama sita kati ya watu waliosoma wasifu uleule ni dalili kwamba hawakupima kitu kimoja. Mwenyekiti amuulize mjumbe wa tatu sababu yake. Katika mfano wetu anajibu kwamba mtaalamu huyo hajawahi kufanya kazi Tanzania. Ni hoja ya maana kwa mradi, lakini nyaraka za zabuni ziliuliza elimu na miaka ya kusanifu miradi ya maji, hazikuuliza nchi. Mzabuni hakuambiwa, kwa hiyo hawezi kukatwa alama kwa hilo. Taasisi iliyotaka uzoefu wa hapa nchini ilipaswa kuuandika kabla ya kutangaza zabuni.

Mjumbe akikubali, anarekebisha alama yake mwenyewe, si mwenyekiti kumrekebishia. Ripoti ionyeshe alama ya awali, alama mpya, sababu na saini. Asipokubali, maoni yake tofauti yaambatishwe jinsi alivyoyaandika. Nimeona kamati zikificha mabadiliko ya namna hii kwa kudhani yanaleta shaka. Kwangu, shaka huanza pale karatasi ya awali inapopatikana na ripoti iko kimya.

Maelezo ya kila alama yaelekeze sehemu mbili: kifungu cha nyaraka za zabuni kilichoweka kigezo, na ukurasa wa pendekezo wenye ushahidi. “Ana uzoefu mzuri” hakumsaidii mtu yeyote. “Miradi minne ya usanifu wa maji, wasifu ukurasa wa 31 hadi 34, barua za wateja zimeambatishwa” kunaweza kukaguliwa na mtu ambaye hakuwemo chumbani. Na mpimeni B kwa sentensi ya aina hiyohiyo, maana mara nyingi mshindi huandikiwa aya nzima na aliyeshindwa huachiwa neno “hafifu”.

Pendekezo lenyewe liwe fupi na ligusie bei waziwazi: “Kamati inapendekeza Mzabuni A kwa jumla ya alama 86.4 dhidi ya 85.6 za Mzabuni B. Bei ya A imezidi kwa shilingi milioni 48. Tofauti hiyo imeshahesabiwa katika uzito wa asilimia 20 uliotangazwa. A amemzidi B katika ufundi kwa alama 6, nne kati yake zikitokana na mbinu ya kazi, kifungu cha upimaji wa vyanzo vya maji, na mbili na mtaalamu mkuu.” Mjumbe wa Bodi ya Zabuni akiuliza kwa nini wa bei ndogo ameachwa, jibu liko hapo. Na B akipokea notisi ya kusudio la kutoa tuzo, sababu atakazosoma ziwe zilezile zilizomo kwenye ripoti.