Baba, siku hizi hawakuombi namba ya siri, wanakubonyezesha

Shikamoo baba. Hii barua naiandika kwako ila naiacha wazi ili na wazee wengine huko Tandahimba wasomewe na watoto wao, maana juzi tena kaja mteja kwenye kibanda changu cha uwakala wa M-Pesa hapa Mtwara mjini akaniambia lile lile neno ambalo na wewe unaniambia kila nikikukumbusha habari za matapeli: "Mimi hawanipati, namba yangu ya siri simwambii mtu."

Baba yangu, hilo neno limenichosha. Kutomwambia mtu ni sawa kabisa, endelea hivyo hivyo. Ila matapeli wa sa hivi hawana shida ya kuijua namba yako, wanachotaka uibonyeze wewe mwenyewe, kwenye simu yako mwenyewe, wao wakiwa hewani wanakuelekeza. Ndo maana mzee anatapeliwa halafu anaapa kwamba mtandao umemwibia, na haongopi, kwa sababu kweli hakumwambia mtu.

Ngoja nikuelezee huyo mteja ilivyokuwa, ni mzee wa rika lako, mkulima wa korosho kama wewe. Alipigiwa na kijana mwenye sauti ya heshima, kaamkia shikamoo vizuri, kamtaja majina yake yote matatu, akasema anatoka chama kikuu na malipo ya korosho yamekwama kwa sababu laini ya mzee haijahakikiwa. Hapo kwenye majina ndo mzee alipolegea. "Kama sio wa chama jina langu kalijuaje?" Baba, jina lako sio siri. Mtu yeyote akiingiza namba yako kwenye simu yake kama vile anataka kukutumia hela, kabla hajathibitisha jina lako linatokea pale, analisoma, anasitisha, hajatumia hata shilingi. Na sisi mawakala tuna daftari pale mezani, jina, namba na kiasi ulichotoa, na sio kila wakala analifunika, hilo nakuambia mimi niliye ndani ya kazi. Kwa hiyo mtu akikutajia jina, kijiji, hata kiasi ulichotoa jana, bado hajakuthibitishia kitu.

Basi yule kijana akamwuliza mzee, salio lako linasomekaje ili tulinganishe na fomu? Mzee akasema 352,000. Hilo swali lilikuwa la kujua avune kiasi gani. Akamwambia weka simu spika, piga *150*00#, bonyeza moja. Moja pale ni Tuma Pesa, baba, lakini kijana alikuwa anaongea mfululizo, mzee hapati nafasi ya kusoma. Kisha akamwambia weka "namba ya mhakiki", akamsomea tarakimu kumi polepole, na hiyo ilikuwa namba yake ya simu. Kisha weka "namba ya fomu yako", tatu, nne, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Angalia hapo baba. Ukisomewa tarakimu moja moja sikio halisikii laki tatu na arobaini elfu, linasikia namba tu kama za kitambulisho. Na alimwachia chenji kidogo makusudi, ili makato yasije yakakwamisha muamala.

Mwisho akamwambia maneno haya, na haya ndo yananiuma kuliko yote: "Sasa mzee wangu, weka namba yako ya siri, lakini usinitajie mimi, usimtajie mtu yeyote, kuna matapeli wengi." Mzee akaona huyu ni mtu mwema, ananilinda. Akabonyeza, akathibitisha, hela ikaenda.

Alivyofika kwangu nikamwomba simu tusome meseji pamoja. Ipo pale, 340,000 zimetumwa, jina la aliyepokea ni la mwanamke, na chini yake salio lililobaki. Kama ingekuwa kuna mtu kaingia kwenye akaunti yake kwa njia nyingine tungezungumza mengine, lakini hapa muamala umetoka kwenye simu yake na vidole vyake. Na hilo jina la mwanamke usilichukulie kwamba ndo mwizi. Laini zinasajiliwa kwa alama ya kidole tangu 2019, lakini wapo wanaomgandamizisha bibi wa watu kidole mara mbili wakati wa usajili, laini ya pili inaenda kwa tapeli na bibi hajui. Ndo maana ukija huku tutapiga *106# tuone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua tunaenda kuifuta.

Sasa kitu kimoja nataka ukishike, vingine hata ukisahau sio mbaya. Kupokea hela hakukutaki ubonyeze chochote. Mimi nikikutumia hela unabonyeza nini? Hubonyezi, unasikia tu meseji imeingia. Kwa hiyo mtu yeyote anayesema kuna hela yako inakuja, iwe ya korosho, ya pembejeo, ya bahati nasibu, ya mwanao aliye Dar, halafu anakwambia piga nyota, bonyeza moja, weka namba, huyo anazitoa hela zako. Kata simu hapo hapo, usimuage, usibishane naye, ukibishana anapata muda wa kukulainisha. Huduma kwa wateja wa mtandao wakikupigia wanapiga kwa namba 100, sio kwa namba ya 07 wala 06. Na habari za korosho unazifuata kwenye AMCOS yako, malipo yako yanapita benki, hakuna mtu wa chama anayehakiki mkulima kwa kubonyezeshana simu.

Wale wa "nimekosea nimekutumia hela naomba unirudishie" nao ni rahisi. Usiamini meseji, angalia salio lako kwenye menyu mwenyewe. Meseji ya kweli ya M-Pesa inakuja na jina M-PESA, ya tapeli mara nyingi inakuja na namba ya mtu. Na hata ukikuta hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako, mwambie apige 100 watairudisha wao. Kama ni yake ataipata.

Na ikitokea umeshabonyeza? Piga 100 dakika hiyo hiyo, kabla hujamwambia mtu, kabla hujaanza kuona aibu. Hela ikiwa bado ipo kwenye simu ya tapeli wanaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, baba sitakudanganya, niliowaona wakirudishiwa ni wachache mno. Polisi nenda ukachukue RB, na namba ya tapeli itume kwenda 15040 ifungiwe, ila kufungiwa laini hakurudishi hela, anachukua nyingine anaendelea. Yule mzee alikuja kwangu siku ya pili yake, kwa sababu aliona haya kumwambia mwanae. Tulipiga 100, tukajibiwa salio la huko halipo.

Kwa hiyo wewe usinionee haya. Nipigie hata usiku wa manane, kwa ile namba yangu uliyoiandika nyuma ya mlango, sio kwa namba utakayopewa na mtu akisema ndo yangu mpya. Mjukuu wako Jumamosi anakuja huko, nimemwambia akae na wewe mfungue *150*00# bila haraka, usome kila mstari mwenyewe, moja inasema nini, mbili inasema nini, msitume kitu.