"Ingiza Tu, Ni Rahisi": dhana potofu kuhusu maelekezo kwa mteja

Mwaka 2024 mita za umeme wa kulipia kabla, zile tunazoziita za luku, zilipaswa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Sababu ilikuwa ya hesabu: kila tokeni hubeba muda unaohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa. Mteja aliponunua umeme alipata mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili mita na moja la umeme wenyewe. Kazi yangu ni kuhariri ujumbe wa wateja, na kwa mfano nimetunga huu, wa aina ninayokutana nayo mara nyingi:

"Ndugu mteja, kusasisha mita ni RAHISI SANA! Ingiza tu namba zote kama ulivyoelekezwa. Wateja wengi hukwama kwa kutosoma maelezo. Tafadhali kuwa makini."

Dhana: Neno "rahisi" humtia mteja moyo.

Ukweli: Aliyefanikiwa hakulihitaji. Aliyekwama ndiye linayemchoma, kwa sababu sasa ameshindwa jambo lililoitwa rahisi. Mfikirie mtu aliye gizani, tochi ya simu mkono mmoja, anabonyeza tarakimu 60 kwenye vitufe vidogo huku namba zenyewe ziko kwenye simu ileile. Si rahisi, na anajua si rahisi. "Tu" nayo ni ndogo lakini ina makali: "ingiza" ni maelekezo, "ingiza tu" ni kama kumuuliza mtu anachelewa nini.

Dhana: Ukiongeza "tafadhali" umeshaondoa dharau.

Ukweli: Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Katika ujumbe ule "tafadhali" imekaa mbele ya "kuwa makini", yaani mteja ameshahukumiwa kuwa mzembe kabla hajagusa mita. Adabu ya neno moja haifuti tuhuma ya sentensi nzima. Na ukiirudia kila hatua, tafadhali bonyeza, tafadhali subiri, inaanza kusikika kama mwalimu wa chekechea aliyechoka. Moja mwanzoni inatosha, hasa pale unapoomba jambo ambalo ni usumbufu wenu mnaomtwika yeye.

Dhana: Kuamuru ("ingiza", "bonyeza") ni ukosefu wa heshima.

Ukweli: Katika hatua za kazi, hapana. Hata mapishi huandikwa hivyo. "Unatakiwa uhakikishe kwamba umeingiza" ndiyo inayonuka ofisi.

Dhana: Ukieleza kila kitu utaonekana unamwona mteja mjinga.

Ukweli: Dharau haimo katika kueleza, imo katika kueleza anachokijua na kuficha asichoweza kukijua. Ujumbe ule unamwambia awe makini, jambo alilofundishwa utotoni, lakini haumwambii mafungu mawili ya kwanza ni ya nini. Wala haumwambii kwamba tokeni aliyonunua zamani bila kuiingiza itakataliwa mita ikishabadilika. Mtu mwenye tokeni ya wiki iliyopita mfukoni atapoteza muda akidhani amekosea, kumbe hakuna aliyemwonya.

Mimi ningeuandika hivi:

"Mita yako inahitaji kusasishwa ili iendelee kupokea umeme. Kama una tokeni ya zamani ambayo hujaiingiza, ingiza hiyo kwanza; mita ikishasasishwa haitaikubali. Kisha ingiza fungu la kwanza (tarakimu 20) na uthibitishe. Mita ikikubali, ingiza la pili, halafu la tatu, ambalo ndilo umeme ulionunua. Umeme uliomo kwenye mita haupotei. Fungu likikataliwa, linganisha tarakimu na ujumbe huu kisha uliingize tena. Likikataliwa tena, tupigie. Uwe na namba ya mita."

Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, na meneja atalalamika kuhusu gharama ya ujumbe. Jibu langu ni kwamba simu za malalamiko nazo zina gharama. Ila kuna mpaka: maneno ya kwenye kioo na kitufe cha kuthibitisha hutofautiana kati ya mita na mita, hivyo usiandike "bonyeza kitufe cha bluu" kama hujui kila mteja ana mita gani.

Dhana: "Umekosea namba" ni kusema ukweli tu.

Ukweli: Mara nyingi mwandishi hajui nani amekosea. Mita inaweza kukataa kwa sababu mafungu yamevurugwa mpangilio, tarakimu imerukwa, au tokeni ni ya mita nyingine. Andika kilichoonekana: "Namba haikukubaliwa", kisha cha kufanya.

Kipimo changu ni mama mkwe. Nausoma ujumbe kwa sauti nikijifanya namwambia yeye uso kwa uso. Pale ulimi unapokwama, ndipo ninapofuta. "Wateja wengi hukwama kwa kutosoma maelezo" sijawahi kuimaliza.