CRF 23 si ileile kila mahali: dhana potofu za kubana video kwa AVC na HEVC

Kwa wanaohariri video za harusi kuna swali lisilokosekana: "Wewe unaweka CRF ngapi?" Anayeuliza anataka namba moja aiandike, aiache kompyuta ifanye kazi usiku kucha, asubuhi akabidhi mzigo. Mmoja atamwambia 18, mwingine 23, mwingine 28, na kila mmoja ataitetea yake kama timu ya mtaani kwao. Namba hiyo peke yake haisemi video itatokaje. Ni agizo kwa programu: utupe undani kiasi gani. Matokeo ya agizo hilo yanategemea unatumia programu gani na umerekodi nini.

"CRF 23 ni ubora uleule popote"

AVC na HEVC ni viwango vya kubana video vilivyoandikwa kwenye karatasi. Zinazobana ni programu, na zinazotumika sana ni x264 kwa AVC na x265 kwa HEVC. Zote mbili zina CRF ya kuanzia 0 hadi 51, na kwa zote mbili namba ikishuka, ubora na ukubwa wa faili hupanda. Ufanano wao unaishia hapo. Usipoiambia kitu, x264 hutumia 23 na x265 hutumia 28, na maelezo ya FFmpeg, programu ya amri inayoziendesha zote mbili, yanasema 28 ya x265 imekusudiwa kukaribiana kwa macho na 23 ya x264. Kwa hiyo anayehamia HEVC akabaki na 23 aliyoizoea amejiongezea ubora bila kujua. Faili likitoka nono, lawama zinaiangukia HEVC.

Hata ndani ya programu moja, namba haikai sawa kwa kila ukubwa wa picha. HandBrake, ambayo inaita kipimo hiki RF, hupendekeza 20 hadi 24 kwa picha ya 1080p, na 22 hadi 28 kwa 4K. Kwenye 4K nukta ni nyingi na ndogo, na doa ambalo lingeonekana kwenye 1080p linamezwa. Kwa maoni yangu, 28 ya x265 ni legelege mno kwa 1080p yenye nyuso za watu kwenye mwanga wa ukumbi. Mimi huanza majaribio kwenye 24. Kwa x264 huanza 20 au 21.

"CRF ileile itatoa faili la ukubwa uleule"

Dhana hii ndiyo inayogharimu watu zaidi, kwa sababu inagundulika wakati mteja yuko mlangoni.

Programu hukata kila fremu vipande vya mraba, ikageuza undani wa kila kipande kuwa namba, kisha ikakadiria namba hizo. Ukali wa ukadiriaji huo unaitwa QP. QP ikipanda kwa 6, hatua ya kukadiria inakuwa mara mbili, na undani mwingi zaidi unapotea. CRF haifungi QP mahali pamoja. Fremu zenye vurugu nyingi hupewa QP ya juu, kwa kuwa jicho halipati nafasi ya kuzikagua. Sehemu ya picha itakayotumiwa na fremu nyingi zinazofuata, mfano ukuta wa nyuma ya jukwaa usiobadilika, hupewa QP ya chini, kwa sababu ikiharibika itaharibu na zinazoifuata. Kinachojaribiwa kushikiliwa ni mwonekano, na ukubwa wa faili unaachwa uende utakakokwenda.

Sasa chukua harusi ya saa 2, imerekodiwa kwa 1080p. Dakika 80 ni za utulivu: kamera iko kwenye stendi, wazee wanatoa nasaha, watu wamekaa. Dakika 40 ni za muziki: taa za rangi zinawaka na kuzima, moshi, kamera mkononi, watu wanatunza. Mteja anataka kuichezesha kwenye runinga yake kwa flashi, na flashi imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi takriban GB 4.29. Runinga yenyewe ni ya zamani na haisomi HEVC, kwa hiyo ni AVC.

Kabla ya kubana kazi nzima, kata kipande cha dakika moja kutoka kila aina ya tukio:

```
ffmpeg -ss 00:42:00 -i harusi.mov -t 60 -c:v libx264 -preset slow -crf 20 -pix_fmt yuv420p -an kipande1.mp4
```

Tuseme kipande cha nasaha kimetoka MB 20, na cha muziki MB 75. Aliyepima nasaha peke yake atazidisha 20 kwa dakika 120, apate GB 2.4, aende kulala kwa amani. Hesabu sahihi ni MB 20 mara 80 jumlisha MB 75 mara 40, yaani MB 4,600. Ongeza sauti: kilobiti 160 kwa sekunde, kwa sekunde 7,200, ni MB 144. Jumla ni kama GB 4.74, na flashi itaikataa.

Hapo kuna kanuni ya kukadiria: kupandisha CRF kwa 6 hupunguza faili hadi karibu nusu, kwa hiyo kila hatua moja hupunguza kama asilimia 11. Ukienda 21, picha inashuka hadi kama GB 4.1, na pamoja na sauti inafika 4.24. Kwenye karatasi inatosha, lakini nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko kosa la kanuni yenyewe. Ukienda 22, picha inakuwa kama GB 3.65, na jumla ni kama 3.8. Hiyo ndiyo ya kuchukua, baada ya kubana tena vile vipande viwili kwa 22 na kuhakikisha vimeshuka kama ulivyotarajia.

Kisha uviangalie. Usisimamishe fremu na kuikuza mara 4, maana kuna fremu ambazo programu huzibana zaidi kwa makusudi, na ukiangukia mojawapo utaona uharibifu ambao hakuna mtazamaji angeuona. Chezesha video kwa mwendo wake kwenye runinga, ukiwa umekaa umbali wa mtazamaji wa kawaida. Anza na sehemu za giza: suti nyeusi iliyogeuka bonge moja lisilo na mikunjo, au ukuta wenye kivuli unaotembea kwa vijiboksi. Angalia pia moshi na mwanga wa taa unapofifia, kama rangi inashuka kwa ngazi badala ya kuteleza. Lesi ya gauni la bi harusi huja mwishoni, kwa kuwa x264 kwenye 22 kwa kawaida huimudu.

Ikiwa ukubwa ni lazima ulingane na kiasi maalumu hadi megabaiti, achana na CRF utumie njia ya kupitia video mara mbili, ambayo unaipa wastani wa biti kwa sekunde. Wapo wanaoiheshimu njia hiyo kwa kudhani inatoa picha nzuri zaidi. Mafaili mawili yakilingana ukubwa, picha zake huwa karibu sawa. Faida ya kupitia mara mbili ni kulenga ukubwa tu.

"Nikishusha hadi 16, video iliyokuja kwa simu itasafika"

Haisafiki. Video iliyopita WhatsApp imeshatupwa undani wake, na hakuna CRF ya kuurudisha. Kibaya zaidi, kwa CRF ya chini programu hukesha ikihifadhi kwa uaminifu vijiboksi na ukungu ulioachwa na ubanaji wa kwanza, kwa kuwa haijui kwamba huo ni uchafu. Ndiyo maana mtu hupokea MB 30, akabana "kwa ubora", akatoka na MB 70. Kama unataka kukata mwanzo na mwisho tu, nakili bila kubana upya:

```
ffmpeg -ss 00:00:12 -i simu.mp4 -t 90 -c copy kata.mp4
```

Ukataji huu huangukia fremu kamili iliyo karibu, kwa hiyo unaweza kuanza sekunde moja au mbili kabla ya ulipotaka.

"HEVC hukata faili nusu"

Inawezekana, hasa kwenye 4K na picha zenye maeneo mapana yaliyotulia kama anga au ukuta. AVC hufanya kazi na miraba isiyozidi nukta 16 kwa 16. HEVC inaweza kufika 64 kwa 64, kwa hiyo anga lote la buluu linaelezwa kwa maneno machache.

Weka chenga sasa. Kamera ikirekodi gizani huzaa chenga, na chenga za fremu hii hazifanani na za fremu iliyotangulia. Ubanaji wowote unaishi kwa kubashiri fremu ijayo kutoka iliyopita, na chenga hazibashiriki, uwe na AVC au HEVC. Faida ya HEVC hapo hupungua sana. Tena x265 ina tabia ya kulainisha: kichujio chake cha SAO huweza kufanya ngozi ya uso ionekane kama nta. Watu wakisema "HEVC imetoa picha safi", wakati mwingine wanasifu undani uliofutwa. Kukizima ni rahisi, `-x265-params no-sao=1`, na mimi hukizima kwa CRF ya chini ya 22 hivi, ambako kazi yake ni ndogo.

Pale ambapo HEVC inanishawishi kweli ni kwenye rangi za biti 10, yaani `-pix_fmt yuv420p10le`. Ngazi za rangi kwenye moshi na mwanga unaofifia hupungua waziwazi, na vifaa vingi vinavyosoma HEVC husoma na biti 10. AVC ya biti 10 ipo pia, ila runinga na simu nyingi haziichezi.

"Ukiweka `slow` ubora unapanda, CRF ikibaki palepale"

Kidogo, pengine. Kazi kubwa ya `-preset` ni kuamua programu itatafuta kwa bidii kiasi gani njia fupi ya kueleza picha. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kwa x264 `veryfast` inaweza kutoa faili dogo kuliko `medium` kwa CRF ileile. Ukiangalia ukubwa tu utadhani umepata bahati, kumbe picha imeshuka pia. Linganisha `-preset` moja na nyingine baada tu ya kusawazisha ukubwa wa mafaili, na vipande vya majaribio vibane kwa `-preset` ileile utakayotumia kwenye kazi nzima.

Ubanaji wa kadi ya picha una namba zake kabisa. `h264_nvenc` ya AVC na `hevc_nvenc` ya HEVC, za kadi za Nvidia, hazitumii `-crf`. Zina `-cq`, na 23 ya huko haina undugu na 23 ya x264. Ni za haraka mno, lakini kwa ukubwa uleule `libx265` kwenye `slow` kwa kawaida hutoa picha bora zaidi. Ukihamia kadi ya picha, yale majaribio ya dakika moja yanaanza upya.