Bafa iliyogoma kufika 4.94

"Mwalimu, hiki kipima pH kimekufa."

Ndivyo alivyonipokea kijana wa kidato cha sita juzi, kwenye maabara ninayofundishia hapa Moshi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza bafa ya asetati, yaani myeyusho ambao pH yake haiyumbi kirahisi, kuipima, kisha kuidondoshea soda ya kostiki kidogo na kuipima tena. Hesabu yake ilisema 4.94. Kipimo kilisema 4.61, na hakikutaka kupanda.

Kipima hakikuwa kimekufa. Nilikitumbukiza kwenye myeyusho sanifu wa pH 4 na ule wa 7, kikasoma sawasawa. Nikageukia daftari lake. Alichukua mililita 50 za asidi ya asetiki, ile ile ya kwenye siki, yenye ukolezi wa 0.20 M. Hizo ni milimoli 10. Akapima gramu 1.23 za asetati ya sodiamu, akagawa kwa 82, akapata milimoli 15. Akajaza maji hadi mililita 100. pKa ya asidi hii ni 4.76 kwenye nyuzi 25, basi:

```
pH = pKa + log(asetati / asidi)
pH = 4.76 + log(15/10) = 4.94
```

Angalia kwamba hakugawa kwa ujazo, na hakukosea. Asidi na asetati zimo kwenye chupa moja, hivyo ujazo unajifuta wenyewe, na milimoli zinatosha.

"Leta kopo la chumvi tulisome," nikamwambia. Lebo ilikuwa na vumbi. Alipoifuta kwa kidole ikatokea `CH3COONa·3H2O`. Chumvi hiyo imebeba maji ndani ya fuwele zake, na moli yake moja ina gramu 136, siyo 82. Kumbe zile gramu 1.23 zilikuwa milimoli 9 tu, asetati ikawa chache kuliko asidi, na pH ikashuka chini ya pKa. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko makosa ya logi.

Akapima upya, gramu 2.04. Safari hii kipima kikasoma 4.82. Akanitazama: bado 0.12 haipo. Hiyo si kosa lake. Ile pKa ya 4.76 ni ya myeyusho mwembamba sana. Kwenye bafa nzito kama hii ayoni zimesongamana, zinavutana, na pH halisi inakaa takriban sehemu moja ya kumi chini ya hesabu. Ndiyo maana mimi huwa siiamini sana pH ya bafa iliyotoka kwenye karatasi. Ninachokiamini ni badiliko lake, kwa sababu ukitoa pH ya kwanza kwenye ya pili, pKa inaondoka na kasoro yake karibu yote.

Tukaingia kwenye soda ya kostiki: mililita 1 ya NaOH ya 1.0 M, yaani milimoli 1. Hapa usikimbilie logi. Kwanza maliza mmenyuko. Besi kali inakula asidi, milimoli moja kwa milimoli moja, na kila asidi iliyoliwa inageuka asetati:

```
asidi:   10 - 1 = 9
asetati: 15 + 1 = 16
pH = 4.76 + log(16/9) = 5.01
```

Badiliko ni 0.07. Kipima kilipanda kutoka 4.82 hadi 4.89, vilevile 0.07. Wanaokosea hapa huongeza upande wa asetati wakasahau kupunguza asidi. Hao hupata 4.96, jibu lenye sura nzuri kabisa, ndiyo maana halishtui mtu. Wanaogeuza uwiano juu chini ni rahisi kuwanasa: besi imeingia, lakini pH yao inashuka.

Kwa kulinganisha, tulidondosha mililita ile ile kwenye mililita 100 za maji matupu. Kwa hesabu unafika karibu 12.

Kijana akauliza, je, nikimwaga mililita 12 kwa jumla kwenye bafa? Nikamwacha ahesabu. Asidi 10 kutoa 12, akapata hasi mbili, akaiweka kwenye logi, kikokotoo kikaandika `Math ERROR`. Akadhani amebonyeza vibaya. Hapana, asidi imeisha, na bafa imeisha nayo. Zimebaki milimoli 2 za besi zikielea bila wa kuzila, na sasa ujazo hauwezi tena kupuuzwa, kwa kuwa hakuna uwiano wa kuufuta:

```
2/112 = 0.0179 M
pOH = 1.75
pH = 14 - 1.75 = 12.25
```

Akamwaga kweli, mililita moja moja. Namba zilitambaa kwa uvivu hadi ya tisa. Baada ya hapo zikaruka, na ya kumi na mbili ilipoingia kipima kilikuwa kimevuka 12.