Kapasita ya mikrofaradi 10 inayobaki 4 ikiwa kazini

Hapa Chake Chake naletewa sana bodi za sola zinazoshusha volti 24 hadi 12, na lalamiko ni lile lile: redio inakoroma. Juzi kijana wangu wa karakana alizing'oa kapasita za seramiki za upande wa kutokea, zile zinazotuliza volti ya kutoka, akazipima, kila moja ikasoma mikrofaradi 10. "Fundi, hizi nzima," akaniambia. Ni nzima kweli, lakini mita huzipima kwa volti ndogo sana, na kazini zinakaa kwenye volti 12.

Tukapima upya. Tuliichaji moja hadi volti 12, tukaiacha imwage chaji kupitia rezista ya kilo-omu 10 huku tukiangalia osiloskopu. Mwanzoni mkondo ni miliampia 1.2, kwa hiyo mikrofaradi 10 zingeshuka volti 0.12 kwa milisekunde. Mstari wetu ulishuka volti 0.3. Gawanya mkondo kwa kasi hiyo, unapata mikrofaradi 4.

Sababu imo ndani ya seramiki yenyewe. Kapasita za seramiki za aina ya X5R na X7R hutengenezwa kwa bariamu titaneti. Katika fuwele zake, atomi ya titani haikai katikati ya oksijeni zinazoizunguka. Imeegemea upande mmoja, na husogezwa kwa urahisi. Usogeaji huo ndio unaokupa mikrofaradi nyingi katika umbo dogo. Sasa volti 12 zikishazivuta atomi hizo zote upande mmoja na kuzibana huko, volti kidogo ya ziada haina tena cha kusogeza. Ukiondoa umeme, sehemu kubwa ya uwezo hurudi, ndiyo maana mita haikuona kitu.

Kinachobana ni volti kwa unene wa kila tabaka la seramiki ndani ya kapasita. Mikrofaradi 10 zikishindiliwa ndani ya umbo dogo la 0805, matabaka lazima yawe membamba, kwa hiyo hupoteza zaidi kuliko umbo kubwa zaidi la 1206. Na herufi zile zisikudanganye: X5R inaahidi badiliko lisilozidi asilimia 15 kati ya nyuzijoto -55 na 85. Kuhusu volti haisemi lolote.

C0G ni seramiki nyingine kabisa, mara nyingi ya kalsiamu zirkoneti. Haina atomi zilizoegemea namna ile, kwa hiyo volti karibu haiigusi. Mimi huiweka kwenye saketi za kuhesabu muda na za kuchuja sauti bila kusita. Ila uwezo wake kwa ujazo ni mdogo mno. Mikrofaradi 10 za C0G hazitaingia kwenye nafasi ya 0805.

Kwa bodi ile tulichomea kapasita mbili za X7R za 1206 sambamba, baada ya kusoma mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha uwezo unaobaki kwenye volti 12. Mchoro huo usomwe kwa namba kamili ya kapasita unayonunua, kwa sababu X7R mbili za ukubwa mmoja kutoka viwanda tofauti hutofautiana sana.