Blidi ya brosha ya A4: milimita 3 zinazokatwa na kutupwa

Mchapaji haichapi brosha yako kwenye karatasi ya A4. Anaichapa kwenye karatasi kubwa zaidi, mara nyingi nakala kadhaa pamoja, kisha analiweka rundo zima chini ya kisu cha gilotini na kulikata kwa mkupuo mmoja. Karatasi huwa imeingia mashineni ikiwa imesogea kidogo, huvuta unyevu ikatanuka, na kisu kinapopita kwenye rundo nene, karatasi ya juu na ya chini hazikatwi mahali pamoja kabisa. Vikijumlishwa, visogeo hivyo vinaweza kufika milimita 1. Ikiwa rangi yako inaishia hasa kwenye mstari wa kukatia, milimita hiyo inabaki pembeni kama uzi mweupe.

Blidi ni rangi au picha unayoirefusha kuvuka mstari wa kukatia, ili kisu kikienda nje kidogo bado kikute wino. Kipimo cha kawaida kwa brosha ni milimita 3 kila upande. Muulize mchapaji wako kabla ya kuanza, kwa kuwa wapo wanaotaka 5, na kuiongeza baadaye kunakurudisha kwenye kila picha.

Tuchukue brosha ya A4 iliyolala, inayokunjwa mara mbili ikatoa sehemu 3 kila upande. Ukubwa wake baada ya kukatwa ni milimita 297 kwa 210. Ukiongeza 3 kila upande, eneo la kuchapwa linakuwa 303 kwa 216. Hapa ndipo wengi wanapotelea: wanafungua ukurasa wa 303 kwa 216 na kupanga kila kitu humo. Faili la namna hiyo halina blidi hata kidogo. Linamwambia mchapaji kwamba brosha iliyokamilika ina upana wa 303, na programu yake huenda ikalifinya lote liingie kwenye 297. Ukurasa unabaki 297 kwa 210, na blidi inaandikwa mahali pake. Kwenye InDesign ni `File > Document Setup`, halafu `Bleed and Slug`, unaweka 3 mm pande zote nne. Mstari mwekundu utatokea nje ya ukurasa, na kila kitu kinachogusa ukingo lazima kifike kwenye mstari huo.

Picha inataka jicho la ziada. Unaweza kuvuta fremu mpaka mstari mwekundu, ukaridhika, kumbe picha iliyo ndani ya fremu imeishia kwenye ukingo wa ukurasa. Fremu ni dirisha tu. Bonyeza A upate kishale cheupe, bofya picha, uone mipaka yake yenyewe inafika wapi. Kisha nenda `View > Screen Mode > Bleed`, ambayo inaonyesha ukurasa pamoja na blidi bila miongozo. Ukiona ukanda mweupe hapo, hata mwembamba vipi, bado kazi haijaisha.

Na kama picha ilitengenezwa kwa ukubwa wa A4 kamili? Kwa nukta 300 kwa inchi ina pikseli 3508 kwa 2480. Ili ifunike 303 kwa 216 unahitaji kuikuza kwa asilimia 2.9 hivi, kwa sababu upande mfupi ndio unaodai zaidi: 216 ukigawa kwa 210. Nukta zinashuka mpaka karibu 292 kwa inchi, jambo ambalo hakuna atakayeliona. Kuza picha ya nyuma peke yake. Ukikuza ukurasa mzima pamoja na maandishi, mistari ya kukunjia inahama nayo.

Tukija ndani ya mstari wa kukatia, kanuni inageuka. Kisu kinachoweza kwenda nje kinaweza pia kuingia ndani, kwa hiyo maandishi na nembo vikae angalau milimita 5 kutoka ukingoni. Fremu nyembamba inayozunguka ukurasa mimi huikataa moja kwa moja. Tuseme umeichora milimita 3 kutoka ukingo na kisu kimesogea milimita 1: upande mmoja unabaki na 2, wa pili na 4. Kosa ni dogo, lakini jicho linaona ukingo mmoja ni mara mbili ya mwingine.

Mikunjo haihitaji blidi, kwa kuwa haikatwi. Inachohitaji ni vipimo sahihi. Sehemu inayoingia ndani lazima iwe fupi kidogo, la sivyo inagota kwenye mkunjo na kujikunja ncha. Gawa 297 kuwa 97, 100 na 100. Kwa upande wa nje, ukiutazama, sehemu fupi iko kushoto, mgongo katikati na jalada kulia, hivyo miongozo inakaa kwenye 97 na 197. Upande wa ndani ni kioo chake: sehemu fupi iko kulia, na miongozo ni 100 na 200. Kunakili miongozo ya nje ukaibandika ndani ni kosa la sekunde moja linaloharibu kila nakala, maana mkunjo utapita milimita 3 kando ya mahali ulipoukusudia. Epuka pia kubadilisha rangi hasa kwenye mkunjo, kwa sababu mkunjo nao husogea na rangi ya jirani itachungulia.

Wakati wa kutoa PDF chagua `File > Export`, kisha `Adobe PDF (Print)`, ukiacha `Pages` badala ya `Spreads`. Kuchagua muundo wa PDF/X hakutoshi kuingiza blidi. Ingia `Marks and Bleeds` uweke tiki kwenye `Use Document Bleed Settings`. Ukiombwa alama za kukatia, weka tiki kwenye `Crop Marks` na uangalie `Offset`, yaani umbali wa alama kutoka mstari wa kukatia: kipimo kinachokuja chenyewe ni 2.117 mm, pungufu ya blidi yako, kwa hiyo alama zinaingia juu ya picha. Kisu kikienda nje kidogo, kijistari cheusi kinabaki pembeni mwa brosha. Andika 3 mm au zaidi. Wachapaji wengine hawataki alama kabisa, kwa kuwa programu yao ya kupanga kurasa husoma mipaka iliyoandikwa ndani ya PDF.

Mipaka hiyo unaweza kuisoma mwenyewe kwa amri ya pdfinfo kwenye terminali:

```
pdfinfo -box brosha.pdf
```

Faili letu, likitolewa bila alama, linapaswa kuonyesha mistari hii kati ya mingine:

```
MediaBox:   0.00   0.00  858.90  612.28
BleedBox:   0.00   0.00  858.90  612.28
TrimBox:    8.50   8.50  850.39  603.78
```

Namba hizi ni pointi, na milimita 3 ni pointi 8.50. Tofauti kati ya `TrimBox` na `BleedBox` ndiyo blidi. Mistari hii yote ikisoma 0 mpaka 841.89 kwa 595.28, umetuma A4 tupu. `TrimBox` ikisoma 858.90 kwa upana, blidi imehesabiwa kama sehemu ya ukurasa. Lakini pdfinfo inasoma mipaka tu, haijui kama kuna wino ndani yake. Faili linaweza kuwa na namba kamili huku ukanda wa blidi ukiwa mweupe, kwa hiyo lifungue, likuze, na uzipitie pembe zote nne za kila ukurasa kwa macho.